Rejesho Limekatwa Mara Mbili: Barua ya Kurudisha Pesa Kwenye Akaunti ya Mshahara

Mshahara wa Julai umeingia Jumatano. Alhamisi asubuhi unakuja ujumbe wa benki kwamba akaunti imetolewa Sh. 228,000, na papo hapo unafuata mwingine wa Sh. 6,840. Mwalimu anafungua slipu yake ya mshahara na kukuta rejesho la mkopo limeshakatwa huko huko Hazina, Sh. 228,000 zile zile, kabla mshahara haujafika benki. Mkopo ni mmoja na mwezi ni mmoja, ila marejesho ni mawili. Akienda kuuliza dirishani anaambiwa aandike barua.

Mwalimu huyu ni wa mfano tu, lakini aliyewahi kukaa kwenye benchi la idara ya mikopo mwisho wa mwezi atamtambua. Barua ambazo watu wa aina yake huandika kwa kawaida ni fupi na zimejaa uchungu: nimekatwa mara mbili, nina wanafunzi wa kulipia, naomba pesa yangu. Kila neno ni la kweli, na bado barua inakaa mezani wiki tatu. Kinachokosekana ni kuonyesha pesa ya pili imekwenda kukaa wapi. Anayetakiwa kuirudisha hawezi kuitoa mahali asipopaona, na mara nyingi huyo si ofisa uliyeongea naye tawini. Ni mtu wa makao makuu, asiyekujua wala hajasikia maelezo uliyoyatoa kwa mdomo, na mbele yake ana karatasi zako tu.

Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, inafaa kujua makato ya namna hii yanatokeaje. Mtumishi wa umma nchini Tanzania anayekopa kwa dhamana ya mshahara hukatwa rejesho na mwajiri. Mshahara unapoandaliwa, kompyuta ya malipo huondoa kodi, michango na rejesho la mkopo, na kinachobaki ndicho kinachotumwa kwenye akaunti ya mtumishi. Lile rejesho lililokatwa halisafiri na mshahara. Linakwenda benki kwa njia yake, likiwa limejumlishwa na ya wakopaji wengine wengi, pamoja na orodha ya majina na cheki namba zao. Benki ikishapokea mkupuo huo, ndipo inaugawa kwenye akaunti ya mkopo ya kila mmoja.

Hapo katikati zinaweza kupita siku kadhaa, na tatizo linazaliwa ndani ya siku hizo. Mfumo wa benki una ratiba ya mkopo wako: tarehe 24 rejesho liwe limeingia. Usiku wa tarehe hiyo mfumo unaangalia akaunti ya mkopo, unaikuta haijapokea kitu, unakuhesabu kuwa umechelewa, kisha unageukia akaunti yako ya mshahara ambayo jana yake tu imeingiza fedha. Unachukua rejesho, unachukua na adhabu ya kuchelewa. Haujui kwamba fedha za Hazina ziko njiani. Wiki moja baadaye mkupuo unafika, orodha inapitishwa, na akaunti ya mkopo inapokea rejesho la Julai kwa mara ya pili.

Ukiusoma mkataba wako wa mkopo, huenda ukakuta kifungu kinachoiruhusu benki kuchukua deni lililochelewa kutoka akaunti yoyote uliyo nayo kwake. Ndiyo maana sishauri kuanza barua kwa neno wizi. Benki itajibu kwamba ilikuwa na ruhusa, na kwa tarehe 24 itakuwa sahihi. Hoja yako ina nguvu zaidi ukiisimamisha kwenye tarehe 31: siku fedha za mwajiri zilipoingia, sababu ya makato ya tarehe 24 iliondoka, na pesa ile ikabaki bila deni la kulipa.

Hesabu za mwalimu wetu ziko hivi. Mshahara wake wa msingi ni Sh. 960,000. Baada ya kodi, michango na rejesho, alichopokea benki tarehe 23 Julai ni Sh. 530,000. Tarehe 24 zimeondoka Sh. 228,000 za rejesho na Sh. 6,840 za adhabu, ambayo ni asilimia 3 ya rejesho. Amebaki na Sh. 295,160. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote, na kwake theluthi hiyo ni Sh. 320,000. Slipu yake inaonyesha sharti hilo limetimizwa bila shida, kwa sababu slipu haijui kilichotokea benki siku iliyofuata. Sharti hilo linamhusu mwajiri zaidi kuliko benki, kwa hiyo halifai kuwa nguzo ya barua. Hata hivyo linaeleza kwa nini mtu mwenye slipu safi anajikuta anakopa nauli tarehe 5.

Ushahidi wa jambo hili uko kwenye karatasi tatu, na watu wengi hupeleka mbili. Ya kwanza ni slipu ya Julai, inayoonyesha mwajiri amekata. Ya pili ni taarifa ya akaunti ya mshahara, inayoonyesha benki nayo imekata. Inayosahaulika ni taarifa ya akaunti ya mkopo. Hiyo ni akaunti nyingine yenye namba yake, ingawa wengi hawajawahi kuiona kwa sababu hakuna anayeitolea kadi. Iombe tawini, uchapishiwe kuanzia mwezi mmoja kabla ya tukio. Ndani yake utaona Julai ina mistari miwili ya fedha kuingia: Sh. 228,000 tarehe 24 kutoka akaunti yako, na Sh. 228,000 tarehe 31 kutoka kwa mwajiri. Ukishakuwa na karatasi hiyo, mjadala wa kama umekatwa mara mbili umekwisha.

Karatasi hiyo inaeleza pia kwa nini barua iliyoandikwa tarehe 25 Julai hugonga mwamba. Siku hiyo akaunti ya mkopo ina rejesho moja tu. Ofisa anayeangalia kompyuta atakujibu kwamba wamepokea mara moja, na hadanganyi. Toa taarifa ya mdomo siku hiyo hiyo kama unataka, pokea namba ya lalamiko, lakini barua iandike mkupuo wa mwajiri ukishaonekana. Ukipita mwezi mzima haujaonekana, basi hilo si suala la makato mara mbili. Fedha zimekwama kati ya mwajiri na benki, na barua ya kwanza iende kwa afisa utumishi ikimwomba uthibitisho wa lini ziliwasilishwa.

Kuna mistari mingine inayofanana na makato mara mbili na siyo. Ukilipa dukani kwa kadi na mashine ikakwama, benki inaweza kuwa imezuia kiasi hicho bila kukitoa. Salio unaloweza kutumia linapungua wakati salio la kitabu halijaguswa, na zuio hilo hujiondoa lenyewe baada ya siku chache. Mistari miwili midogo ya siku moja huwa ni tozo na kodi yake. Na kama slipu yenyewe ndiyo ina mistari miwili ya mikopo, kwa mfano baada ya benki mpya kununua deni lako la benki ya zamani, basi kuiandikia benki peke yake hakutoshi. Makato yanafutwa kwenye mfumo wa mishahara, na huko huingia mwajiri.

Sasa barua yenyewe. Benki nchini Tanzania zinapokea barua za Kiswahili bila shida. Nimeiandika kwa mtindo wa barua zetu za kiofisi, na nukta zimeachwa mahali pa kujaza.

Shule ya Msingi ...........,
S.L.P. ...........,
Kilosa.
4 Agosti, 2025

Meneja wa Tawi,
Benki ya ...........,
S.L.P. ...........,
Morogoro.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA SH. 234,840 KWA REJESHO LA JULAI 2025 LILILOLIPWA MARA MBILI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa tawi lako. Mshahara wangu hupitia akaunti namba ..........., na nina mkopo wenye akaunti namba ............ Cheki namba yangu ni ............

Rejesho la mkopo huo ni Sh. 228,000 kwa mwezi na hukatwa na mwajiri kwenye mshahara. Rejesho la Julai 2025 lilikatwa kwa utaratibu huo (Kiambatisho A). Tarehe 24 Julai, 2025 benki ilitoa tena kwenye akaunti yangu ya mshahara Sh. 228,000 kwa kumbukumbu namba ..........., pamoja na adhabu ya kuchelewa Sh. 6,840 kwa kumbukumbu namba ........... (Kiambatisho B). Tarehe 31 Julai, 2025 fedha zilizokatwa na mwajiri ziliingizwa kwenye akaunti ya mkopo. Hivyo mkopo umepokea Sh. 456,000 kwa mwezi niliodaiwa Sh. 228,000 (Kiambatisho C).

Kwa barua hii naomba Sh. 228,000 zilizotolewa tarehe 24 Julai zirudishwe kwenye akaunti yangu ya mshahara pamoja na adhabu ya Sh. 6,840, jumla Sh. 234,840. Sikubali fedha hizo zibaki kwenye mkopo kama malipo ya kabla ya wakati. Naomba pia tarehe ya rejesho kwenye mfumo wenu ilinganishwe na siku fedha za mwajiri zinapofika, au agizo la kukata kwenye akaunti ya mshahara liondolewe, ili jambo hili lisijirudie Agosti. Mwisho, naomba kumbukumbu ya kuchelewa kulipa Julai ifutwe, na kama imepelekwa kwenye taasisi za taarifa za wakopaji, isahihishwe.

Naomba nijibiwe kwa maandishi kupitia anwani iliyo hapo juu au simu namba ............

Wako mwaminifu,

(Saini)
(Jina kamili)

Viambatisho: A – Slipu ya mshahara, Julai 2025. B – Taarifa ya akaunti ya mshahara. C – Taarifa ya akaunti ya mkopo.

Barua inaishia hapo, ukurasa mmoja. Tazama kwamba kichwa cha habari kimebeba kiasi na mwezi. Barua ikifika makao makuu, anayezigawa husoma mstari huo kwanza, na akikuta neno MALALAMIKO peke yake ataipeleka huduma kwa wateja, nao wataiandika kwenye orodha yao kisha kuirudisha tawini.

Namba za kumbukumbu zinahitaji uangalifu. Kila muamala una yake, nayo huchapishwa kwenye taarifa ya akaunti kando ya maelezo kama LOAN REPAYMENT. Rejesho na adhabu ni miamala miwili, na ukitaja mmoja tu utarudishiwa mmoja tu. Hili hutokea mara nyingi: mtu anarudishiwa rejesho, anashukuru, na zile elfu sita na ushee zinabaki benki. Hakuna aliyekusudia kuzizuia. Fomu ya kurudisha ilijazwa kwa muamala uliotajwa, basi.

Sentensi ya kukataa fedha zisibaki kwenye mkopo inaweza kusikika kama ukali, lakini ndiyo inayozuia jibu rahisi kuliko yote ambalo tawi linaweza kukupa. Jibu hilo ni kwamba usijali, umelipa mbele, mwezi ujao hutakatwa. Mwezi ujao utakatwa. Anayekata ni kompyuta ya mishahara, na hiyo haijui chochote kuhusu ziada iliyoko kwenye akaunti yako ya mkopo. Tawi halina ufunguo wa kuizuia. Agosti mwajiri atakata tena Sh. 228,000, na Septemba tena, na ziada yako itabaki mbele kwa mwezi mmoja hadi mkopo uishe. Kama ni mkopo wa miaka mitano na huu ni mwaka wa pili, pesa ya Julai utaanza kuiulizia baada ya miaka mitatu, wakati umebadilisha kituo cha kazi na karatasi zimeliwa na mchwa.

Wapo wanaoweza kuchagua kwa hiari yao ziada ibaki ipunguze deni, na hilo ni uamuzi halali. Lakini wauandike hivyo, kwamba kiasi hiki kikatwe kwenye deni la msingi na nipewe ratiba mpya ya marejesho. Bila maelekezo hayo, ziada inaweza kukaa kwenye akaunti ya mkopo ikisubiri rejesho lijalo bila kupunguza hata shilingi ya riba. Kukaa kwenye mkopo na kupunguza mkopo ni mambo mawili tofauti, na ratiba mpya ndiyo inayoonyesha lipi limefanyika. Ukipewa ratiba yenye salio lile lile na idadi ile ile ya miezi, jua hakuna kilichopungua.

Ombi la kurekebisha tarehe ndilo ningelipigania hata kuliko pesa yenyewe. Kosa hili halikutokana na mtu kubonyeza vibaya. Limetokana na tarehe mbili zisizokutana, na mwezi ujao tarehe hizo zitakuwa pale pale. Nimeona watu wakirudishiwa pesa wiki ya kwanza na kukatwa tena wiki ya nne ya mwezi huo huo, kwa sababu barua iliomba matokeo yafutwe na sababu ikaachwa. Kuhusu taarifa za wakopaji, benki hupeleka rekodi za wateja wake kwenye taasisi zinazozitunza, na mkopeshaji mwingine atakayekuangalia mwakani ataona Julai ulichelewa. Haoni maelezo, anaona alama tu.

Peleka barua kwa mkono ukiweza, na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe na kusainiwa na aliyepokea. Watu wa masijala hawashangai kuombwa hivyo, kwa hiyo usione haya. Ukituma kwa barua pepe, tumia anwani rasmi ya benki na subiri namba ya lalamiko. Usichukue njia ya kupiga picha taarifa ya akaunti na kuibandika chini ya ukurasa wa benki mtandaoni. Ndani ya saa moja utapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole anayejua jina lako, tawi lako na kiasi ulichokatwa, akikuomba namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako ili arudishe pesa. Kurudisha makato hakuhitaji namba ya siri ya mteja hata mara moja. Kazi hiyo inafanywa ndani ya benki, mfanyakazi mmoja akiingiza na mwingine akiidhinisha.

Muhuri ule wa mapokezi una kazi nyingine. Benki Kuu ya Tanzania ina dawati linaloshughulikia malalamiko ya wateja dhidi ya benki, lakini lalamiko linatakiwa lianzie kwenye benki husika. Kwa hiyo ukifika huko, kitu cha kwanza utakachotakiwa kuonyesha ni kwamba uliiandikia benki, lini, na ilijibu nini. Nakala isiyo na muhuri inathibitisha kwamba uliandika. Haithibitishi kwamba ilipokelewa.

Pesa ikirudi, taarifa ya akaunti ya mshahara itaonyesha mstari wa kuingia wenye neno REVERSAL au maelezo yanayofanana nalo. Hesabu iwe mistari miwili, Sh. 228,000 na Sh. 6,840, au mmoja wa Sh. 234,840. Kisha chukua tena taarifa ya akaunti ya mkopo. Humo utaona deni limepanda kwa Sh. 228,000, na hapa watu wengi hushtuka na kurudi benki mbio. Limepanda kwa sababu rejesho la ziada limetolewa, na sasa linatakiwa kulingana na ratiba yako ya awali kwa Julai. Likiwa limepanda na pesa haijaingia kwenye mshahara, hapo ndipo pa kushtuka: imetolewa upande mmoja na kusimama kwenye akaunti ya muda ya benki, na kwa kawaida chanzo ni namba ya akaunti iliyokosewa. Chukua taarifa hiyo pamoja na nakala yenye muhuri, nenda tawini, uombe waifuatilie kwa namba ya kumbukumbu ya mstari huo wa kutoka.

Halafu angalia akaunti kuanzia siku mshahara wa Agosti unapoingia mpaka tarehe 25. Ikikatwa tena, usianze upya. Andika aya moja inayorejea barua yako iliyopokelewa tarehe 4 Agosti, taja kiasi kipya na kumbukumbu yake, ambatisha nakala ya barua ya kwanza, na safari hii chini ya saini weka nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa kuwa orodha ya makato inaanzia kwake na ofisi yake inaweza kuthibitisha kwamba mwezi huo pia fedha zilikatwa.